Dumu la lita 20, ndoo ya kilo 20 au pipa: mkahawa ununue kwa kipimo kipi?

Tuchukue mkahawa wa Michenzani unaojiandaa na Ramadhani. Mchana jiko limezimwa, lakini kuanzia alasiri ni sambusa, katlesi, bhajia, viazi vya karai na samaki wa kukaanga mpaka adhana ya Magharibi, na baada ya Tarawehe chipsi zinaendelea. Mwenye mkahawa anakadiria mwezi mzima utakula lita 200 za mafuta. Ameuliza bei kwa wauzaji watatu wa jumla na amepata majibu matatu yasiyofanana hata kwa kipimo.

Wa kwanza anauza dumu la lita 20 kwa shilingi 92,000. Wa pili anauza ndoo ya kilo 20 kwa shilingi 99,000. Wa tatu ana pipa lililoandikwa kilo 190, analitaka shilingi 912,000. Mafuta yote ni ya aina moja: mawese ya maji, yale ya oleini ambayo hayagandi kwenye hali yetu ya hewa. Bei hizi nimeziweka kwa ajili ya hesabu tu. Ukishaielewa njia, weka za kwako.

Jicho la haraka linaona dumu ndiyo rahisi. Shilingi 92,000 kugawa kwa 20 ni 4,600. Shilingi 99,000 kugawa kwa 20 ni 4,950. Ishirini na ishirini, tofauti ya shilingi 350, kazi imekwisha. Hapo ndipo fedha inapovuja, kwa sababu 20 ya kwanza ni lita na 20 ya pili ni kilo, na lita ya mafuta haifiki kilo.

Lita moja ina uzito gani?

Maji ndiyo yaliyotuzoesha kwamba lita ni kilo. Mafuta ni mepesi kuliko maji, ndiyo maana yanaelea juu ya mchuzi. Kiasi cha uzito kilichomo ndani ya lita moja ndicho kinachoitwa densiti, na kwa mafuta ya kula densiti hiyo iko karibu na kilo 0.9 kwa lita. Kwa mawese ya maji kwenye joto la nyuzi 30, ambalo ndilo joto la kawaida la stoo ya Unguja, hesabu nzuri ni 0.904. Alizeti ni nzito kidogo, karibu 0.913. Soya inakaribia 0.914, na mafuta ya nazi yako hapo hapo jirani, 0.915 au zaidi kidogo.

Njia ni fupi. Ukiwa na lita na unataka kilo, zidisha kwa densiti. Ukiwa na kilo na unataka lita, gawa kwa densiti.

```
kilo = lita × 0.904
lita = kilo ÷ 0.904
```

Anayekosea hapa kwa kawaida hukosea upande: anazidisha palipotakiwa kugawa. Kilo 20 akizizidisha kwa 0.904 anapata "lita 18", kumbe jibu sahihi ni lita 22.1. Kosa hilo ni la lita nne kwa kila ndoo, kubwa kuliko la yule aliyedhani lita na kilo ni kitu kimoja. Njia ya kujikagua ni rahisi na haihitaji kikokotoo: kwa mafuta, idadi ya lita lazima iwe kubwa kuliko idadi ya kilo. Ukiona imekuwa ndogo, umezidisha badala ya kugawa.

Bei zote tatu kwenye mstari mmoja

Sasa turudi kwa wauzaji wetu. Dumu la lita 20 ni kilo 18.08. Shilingi 92,000 kugawa kwa 18.08 ni karibu 5,090 kwa kilo. Ndoo ni 4,950 kwa kilo, haina haja ya kubadilishwa. Pipa ni 912,000 kugawa kwa 190, yaani 4,800 kwa kilo. Mpangilio umepinduka: dumu lililoonekana rahisi ndilo ghali kuliko yote.

Anayefikiri kwa lita apate vilevile jibu lake:

| Ofa | Kilo halisi | Lita kwa nyuzi 30 | Bei kwa kilo | Bei kwa lita |
|---|---|---|---|---|
| Dumu la lita 20 | 18.08 | 20.0 | 5,090 | 4,600 |
| Ndoo ya kilo 20 | 20.0 | 22.1 | 4,950 | 4,475 |
| Pipa la kilo 190 | 190.0 | 210.2 | 4,800 | 4,340 |

Ukilinganisha kwa kilo au kwa lita, mshindi habadiliki. Kinachoharibu ni kuchanganya, kuchukua bei ya lita ya huyu na bei ya kilo ya yule.

Kwa mahitaji ya lita 200, madumu kumi yanagharimu shilingi 920,000. Ndoo tisa zinatoa lita 199 na zinagharimu shilingi 891,000. Tofauti ni shilingi 29,000 kwa mafuta yale yale, karibu thamani ya theluthi moja ya dumu. Kwa mwezi mmoja si utajiri, lakini ni fedha ambayo mwenye mkahawa alikuwa tayari kuitoa kwa sababu tu namba mbili zilifanana.

Pipa: rahisi kwenye karatasi, zito kwenye uchochoro

Pipa linashinda kwenye jedwali, na wengi wataishia hapo. Mimi nasita.

Kwanza, mafuta yote ya pipa hayatoki. Pampu ya mkono huacha kiasi chini, na usipoliinamisha pipa na kuyakinga mafuta kwa subira, lita mbili au tatu zinabaki humo. Tuseme tatu. Mafuta utakayotumia ni lita 207, na bei halisi ya lita inapanda hadi karibu 4,405. Bado ni chini ya ndoo, lakini lita hizo 207 ukizinunua kwa bei ya ndoo zingekugharimu kama shilingi 926,000. Faida ya pipa zima, basi, ni shilingi 14,000 na ushei. Sasa toa humo pampu, na toa gharama ya kulifikisha. Pipa tupu la chuma mara nyingi lina kilo kati ya 15 na 20, kwa hiyo likijaa linazidi kilo 205. Gari likikushushia barabarani na mkahawa wako uko ndani ya vichochoro vya Mji Mkongwe, utahitaji mkokoteni na wachukuzi zaidi ya mmoja, na hao hawaendi bure. Faida imekwisha kabla hujakaanga bhajia ya kwanza.

Pili, pipa likishafunguliwa hewa inaingia mafuta yote kwa pamoja. Joto, mwanga na hewa ndivyo vinavyoyafanya mafuta yachache na kutoa harufu. Ndoo tisa zilizofungwa zinafunguliwa moja moja, na ya tisa inafunguliwa ikiwa mbichi kama ilivyotoka dukani. Pipa linafaa kwa jiko linalolimaliza ndani ya wiki chache, lenye stoo ya chini yenye kivuli na mlango mpana. Hoteli kubwa za Nungwi au Paje zinaweza kulibeba. Mkahawa wetu wa Michenzani achukue ndoo.

Kwa aliye Pemba kuna jambo moja la kuongeza. Mzigo ukipakiwa Unguja kwenda Mkoani na nauli ikahesabiwa kwa kila kipande, ndoo ya kilo 20 inalipiwa sawa na dumu huku ikibeba karibu kilo mbili zaidi za mafuta. Nauli ikihesabiwa kwa kilo, faida hiyo haipo, lakini kumbuka kuwa hapo chombo nacho kinalipiwa.

"Na chombo chake"

Hesabu yote ya juu imesimama juu ya neno la muuzaji kwamba kilo 20 ni za mafuta matupu. Swali la kumuuliza ni hili:

"Shekhe, hizi kilo ishirini ni mafuta peke yake au na ndoo yake?"

"Na ndoo yake, bi mkubwa. Si unaona mwenyewe mzani?"

Jibu kama hilo linabadilisha bei. Ndoo tupu ya plastiki yenye mfuniko ikiwa na uzito wa kilo moja, mafuta ni kilo 19, na shilingi 99,000 kugawa kwa 19 ni karibu 5,210 kwa kilo. Sasa ndoo imekuwa ghali kuliko dumu. Kwa hiyo kabla ya kutia fedha, tazama lebo kama imeandika uzito halisi wa kilichomo ndani, na kama haikuandika, pima ndoo tupu ya aina ile ile. Usikisie uzito wa chombo. Plastiki nene na plastiki nyembamba zinapishana.

Dumu nalo lina mtego wake. Kuandikwa lita 20 hakumaanishi limejazwa lita 20. Madumu mengi yana nafasi ya ziada juu ya alama, na madumu yanayojazwa upya dukani hujazwa kwa macho. Kwa macho huwezi kugundua lita moja iliyopungua, hasa plastiki ikiwa ya manjano na nzito. Mzani unagundua. Dumu tupu likiwa na kilo 1.05, dumu lenye lita 20 kamili za mawese linatakiwa lisome kilo 19.1 hivi. Sasa tuseme umelipandisha na mzani umesoma 18.2. Toa chombo: 17.15. Gawa kwa 0.904: lita 18.97. Imepungua lita moja nzima, na bei yako halisi ya lita imetoka 4,600 ikafika 4,850.

Pima madumu matatu au manne uliyochagua mwenyewe katikati ya rundo. Yakifanana na yote yako karibu na kilo 19.1, endelea. Yakipishana sana, hiyo ni alama ya kujaza kwa macho, na hapo ama ununue kwa kilo ama utafute duka jingine.

Joto linaleta tofauti kiasi gani?

Mafuta yakipata moto yanatanuka. Uzito unabaki ule ule, ujazo unaongezeka, kwa hiyo densiti inashuka kwa karibu 0.0007 kwa kila nyuzi moja. Ndiyo maana viwango vya Kodeksi, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, kwa mafuta ya mimea havitaji densiti bila kutaja joto lake: alizeti wanaipima kwenye nyuzi 20, oleini ya mawese kwenye nyuzi 40. Mtu anayechukua namba ya alizeti kutoka jedwali moja na ya mawese kutoka jingine, bila kutazama joto, anadhani tofauti yao ni kubwa kuliko ilivyo.

Kwa mnunuzi wetu athari ni ndogo. Asubuhi ya kipupwe stoo ikiwa nyuzi 25, densiti ya mawese ni 0.9075. Mchana wa kaskazi chini ya paa la bati, nyuzi 35, ni 0.9005. Kwenye lita 20 tofauti hiyo ni gramu 140. Kwa madumu kumi ni kilo 1.4, yaani kama shilingi 7,000. Kununua kwa lita mchana wa jua kali kunakupa mafuta machache kidogo kuliko kununua asubuhi, hilo ni kweli, lakini mapungufu ya dumu lililojazwa kwa macho yanazidi hayo mara nyingi. Usiamke alfajiri kwa sababu ya densiti. Amka kupima madumu.

Kilo hazina shida hii. Ndiyo sababu mojawapo biashara kubwa ya mawese duniani inakwenda kwa tani, na soko la Malaysia linataja bei kwa tani moja, halitaji kwa lita.

Jikoni, lakini, kutanuka huko hakutakiwi kudharauliwa. Karai au mashine ya chipsi yenye lita 8 za mafuta ya baridi, ambazo ni kilo 7.2, zikifika nyuzi 175 zinakuwa karibu lita 9. Aliyejaza mpaka ukingoni asubuhi atakuta mafuta yanamwagika juu ya moto kabla viazi havijatiwa. Jaza mpaka alama ya mafuta ya baridi, uache nafasi.

Kama hujui densiti ya mafuta yako

Namba nilizotoa zinatosha kwa mafuta yanayojulikana. Ukiuziwa mchanganyiko, au chupa isiyosema ni mafuta ya nini, unaweza kuipata densiti kwa mzani wa jikoni wa gramu na chupa ya maji ya kunywa ya lita moja na nusu.

Pima chupa ikiwa tupu na kavu. Chora alama shingoni, jaza maji mpaka alama, pima tena. Mwaga, kausha kabisa, jaza mafuta mpaka alama ile ile, pima mara ya tatu. Vitu vyote viwe na joto la chumba. Tuseme chupa tupu ni gramu 32, na maji ni 1,552, na mafuta ni 1,412. Maji peke yake ni 1,520 na mafuta peke yake ni 1,380. Gawa mafuta kwa maji: 0.908. Zidisha kwa 0.996, kwa sababu maji ya nyuzi 30 yenyewe hayafiki kilo kamili kwa lita, na unapata 0.904.

Uzuri wa njia hii ni kwamba hujali kama chupa kweli ni ya lita moja na nusu. Maji ndiyo yanayokupimia ujazo wake. Ukikuta jibu liko nje ya 0.90 na 0.92, rudia kabla ya kumlaumu muuzaji. Tone la maji lililobaki ndani ya chupa au povu chini ya alama vinatosha kukupotosha.

Ila usitumie kipimo hiki kuthibitisha kwamba alizeti yako haijachanganywa na mawese. Alizeti safi na mawese safi zinapishana gramu 9 kwa lita. Ukiwa makini unaweza kuona tofauti ya safi na safi. Alizeti iliyotiwa mawese robo inapishana na alizeti safi kwa gramu mbili tu na kidogo, na hizo zinapotea ndani ya makosa ya mkono na mzani. Kazi hiyo ni ya maabara.

Alizeti ikiingia kwenye mashindano

Muuzaji wa nne akaleta katoni ya chupa nne za lita 5 za alizeti, shilingi 118,000. Lita 20 hizo, kwa densiti ya 0.913, ni kilo 18.26, na bei inakuwa karibu 6,460 kwa kilo. Ukitumia 0.904 ya mawese kwa haraka utapata 18.08, kosa la asilimia moja. Haliwezi kugeuza uamuzi kwa tofauti ya bei kubwa kama hii. Densiti yenyewe hainunui alizeti wala kuikataa. Kwa karai la kukaangia siku nzima mawese ya maji yanavumilia moto vizuri na ni nafuu. Alizeti nitaiweka kwa kachumbari na vyakula vya mgeni aliyeiomba.

Mafuta yanayoganda ni habari nyingine. Mawese ambayo hayakutenganishwa, na samli za mimea, kwenye nyuzi 28 huwa nusu yameganda na nusu maji, na mengine yana hewa iliyopigwa ndani. Hapo lita haina maana moja, na hakuna densiti moja ya kuitegemea. Mafuta ya nazi nayo yanageuka hivyo asubuhi za baridi, yakishuka chini ya nyuzi 25. Vyote hivyo nunua kwa kilo tu. Akikuambia "kopo la lita kumi", muulize lina kilo ngapi, au lipandishe kwenye mzani.

Daftari la stoo

Mwenye mkahawa akishachagua ndoo, bado jikoni watu wanasema lita. Mpishi atasema ametumia lita 8, daftari la manunuzi linasema kilo 180. Ningeandika stoo yote kwa kilo, kwa sababu ndoo iliyobaki nusu unaipandisha kwenye mzani, unatoa uzito wa ndoo tupu, umemaliza. Kupima lita za ndoo iliyobaki nusu kunataka uimimine kwenye chombo kingine. Ukutani juu ya mzani bandika karatasi yenye mistari michache: lita 1 ni gramu 904, lita 5 ni kilo 4.52, lita 8 ni kilo 7.23, lita 20 ni kilo 18.08. Chini yake andika uzito wa ndoo tupu. Na mkibadilisha aina ya mafuta, karatasi nayo ibadilishwe siku hiyo hiyo.